Jibu: Hesabu ya maembe yanayobaki

"Muuzaji wa Marikiti ana maembe zaidi ya 100 lakini hayafiki 250. Akiyapanga manne manne yanabaki 3, matano matano yanabaki 2, saba saba yanabaki 4. Ana mangapi, na nitajuaje bila kubahatisha?"

Anza na kigawanyo kikubwa, kazi itapungua. Namba zinazobakisha 4 kwa 7 ni 4, 11, 18, 25, 32. Simama hapo kwenye 32, kwa sababu ndiyo ya kwanza inayobakisha 2 kwa 5.

Sasa usiongeze tena 7, ongeza 35, yaani 5 × 7. Hapa ndipo siri ilipo: 35 inagawanyika kwa 5 na kwa 7, kwa hiyo mabaki uliyokwisha kuyapata hayaguswi. Kwa 4, namba 32 inabakisha 0, lakini 67 inabakisha 3. Masharti yote matatu yametimia.

Majibu hurudi kila baada ya 4 × 5 × 7, yaani 140. Basi 67 ni ndogo mno, 347 imezidi. Maembe ni 207. Bila ile mipaka yako, swali lingekuwa na majibu yasiyo na mwisho.

Njia hii haikwami hapa kwa kuwa 4, 5 na 7, ukizichukua mbili mbili, hazina kigawo cha pamoja ila 1. Ungeambiwa yanabaki 3 kwa 4 na 2 kwa 6, usingepata kitu: sharti la kwanza linadai namba witiri, la pili linadai shufwa.