Pazia jeusi na jua la jioni

"Sebule yangu Tabata inapigwa na jua la jioni. Nimeweka pazia zito jeusi lakini bado tanuri. Nifanyeje?"

Hilo pazia ndilo linalokuchoma, dada. Jua likishapita kioo, kitambaa cheusi hulinyonya na kupata moto. Lishike saa kumi na moja utaona. Lishonee kitambaa cheupe upande wa dirishani, au bora zaidi ning'iniza mkeka nje, jua likomee huko kabla ya kioo.

Anayekushauri upake kuta rangi nyeupe ndani yuko sahihi nusu: rangi hiyo inasaidia zaidi ukuta wa nje. Kochi la ngozi bandia livishe shuka la pamba, ulisogeze mbali na ukuta wa magharibi. Tofali hutema joto hadi usiku. Feni bado utaihitaji.