VAT ya duka la rangi, mzigo ukirudi

"Wakubwa, mauzo ya mwezi mil 20 na manunuzi mil 12, zote bila VAT. Mteja karudisha rangi za 2,300,000 VAT ndani yake, mie nimemrudishia sapulaya makopo ya mil 1 bila VAT. Kwa 15% nalipa ngapi?"

Unalipa 1,050,000 mwenzangu. VAT ya mauzo ni mil 3, sasa ile 2,300,000 ya mteja usiipige mara 15%, utapata 345,000 ujidanganye, kodi imo ndani yake kwa hiyo gawa kwa 115 kisha zidisha 15, inatoka 300,000, mpe kredit noti inayotaja namba ya ankara ya mwanzo, VAT ya mauzo inabaki 2,700,000. VAT ya manunuzi ni 1,800,000 lakini sapulaya akikupa kredit noti yake unapunguza 150,000, inabaki 1,650,000, na 2,700,000 toa hiyo ndo 1,050,000 yako. Hapa ndo wengi wanateleza maana kredit noti hii ya sapulaya inaongeza cha kulipa, wanaificha droo, halafu sapulaya kwenye vitabu vyake keshaipunguza na hesabu zenu hazisomani.

Yule hapo juu anaesema rangi za mteja uziingize kama manunuzi, kweli tofauti inakuja ile ile, ila mauzo yako yanaonekana makubwa kuliko yalivyo na ile 300,000 unaidai bila ankara ya kununulia, mkaguzi anaikata tu.

Na wewe wa Chake ulieuliza mteja akirudisha mzigo baada ya ritani kwenda, hiyo ni kesi nyengine, mie naiweka mwezi ilotoka kredit noti, ila kama ankara ni ya zamani sana kawaulize watu wa kodi kwanza.