Nyumba ya Fuoni na kamisheni ya dalali

*Assalaam alaykum wakili. Nyumba yetu ya Fuoni nilimpa dalali mmoja kwa maandishi, miezi mitatu, kamisheni asilimia 5. Mkataba unasema yeye ndiye "dalali pekee", na muda ukisha "utaendelea mpaka mwenye nyumba atoe notisi ya siku 30". Miezi mitatu ilikwisha tarehe 31 Machi, mimi sikuandika notisi. Mwezi wa Mei nimemuuzia jirani yangu mwenyewe kwa milioni 80. Dalali anadai milioni 4. Nimlipe?*

Waalaykum salaam, dada yangu. Tarehe 31 Machi haikukufungua. Kwa vile hukutoa notisi, mkataba ulikuwa hai siku uliyouza. Lakini kuwa hai ni jambo moja, na kudaiwa kamisheni ni jambo jingine.

Neno "dalali pekee" linakuzuia kumpa dalali wa pili. Kwa maana yake ya kawaida, halikuzuii wewe mwenyewe kuuza kwa mtu uliyempata mwenyewe, na ukiuza hivyo dalali hapati kitu. Soma tena mkataba wako wote, hasa ukurasa wa kamisheni. Ukikuta maneno kama "haki pekee ya kuuza", au "kamisheni italipwa nyumba ikiuzwa na mtu yeyote akiwemo mwenye nyumba", basi hukusaini udalali pekee wa kawaida, ulisaini kitu kizito zaidi, na hapo milioni 4 unadaiwa hata jirani angekuwa mdogo wako. Tofauti hii ndiyo inayowaumiza watu wengi, kwa sababu kwa mdomo yote mawili huitwa "dalali pekee".

Tuseme maneno hayo hayamo. Linabaki swali moja: jirani alijuaje kwamba nyumba inauzwa? Kama alikusikia wewe barazani akaja kukuuliza, hudaiwi. Kama dalali ndiye aliyempeleka ndani mwezi wa Februari, akamtajia bei, halafu Mei jirani akakugongea mlango usiku ili mkwepe ile asilimia 5, mambo yanageuka. Mahakama hutazama ni kazi ya nani iliyozaa mauzo. Ujirani wenu haufuti kazi ya dalali, wala kupita miezi mitatu hakuifuti. Mwombe dalali akuonyeshe ushahidi: siku aliyompeleka jirani, ujumbe wa simu, daftari lake la wateja. Kusema tu "mimi nilibandika tangazo" hakutoshi, mpaka aonyeshe kwamba tangazo hilo ndilo lililomleta mnunuzi.

Kisha angalia kamisheni inaiva lini. Kuna mikataba inayosema "dalali akileta mnunuzi aliye tayari na mwenye uwezo", na kuna inayosema "mauzo yakikamilika". Mwaka 1941 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kesi ya Luxor dhidi ya Cooper. Dalali alikuwa ameahidiwa pauni 10,000 mauzo ya majumba ya sinema yakikamilika. Wanunuzi walipatikana, lakini wenye mali hawakuendelea na mauzo hayo. Dalali alishindwa, kwa sababu ahadi yake ilifungwa na kukamilika kwa mauzo, na mahakama ilikataa kumwandikia mkataba upya ili kumzuia mwenye mali asibadili nia.

Kwetu hili lina uzito zaidi, maana uhamisho wa ardhi Zanzibar unapita kwenye Bodi ya Uhamishaji Ardhi. Hati ya mauziano mliyotiana saini nyumbani, hata mbele ya mashahidi wanne, bado si mwisho wa safari. Kama mkataba wako unasema "mauzo yakikamilika" na bodi haijaridhia, basi hata dalali mwenye haki yake bado hajafika siku ya kulipwa.

Leo andika barua fupi. Mwambie unatoa notisi ya siku 30 kuanzia anapoipokea, na umtake akuandikie orodha ya watu aliowapeleka kuiona nyumba kabla ya siku hiyo. Mpe mkononi, naye asaini nakala yako. Orodha hiyo itakuonyesha kama jina la jirani limo. Usimlipe kitu mpaka umeiona, wala usimwandikie kwamba "hutamlipa kabisa", kwani ukweli huenda ukawa upande wake.

Siku nyingine ukimpa dalali nyumba, tarehe ya mwisho iandikwe na iwe ya mwisho kweli, bila ya kujiendeleza yenyewe. Ukikubali kumlinda kwa wateja wake baada ya muda kuisha, ni haki yake kuomba, lakini mwekee mpaka: watu waliomo kwenye orodha tu, na miezi miwili au mitatu, isiwe milele.