Fibonachi, namba nzima na wastani vikikutana, eneo lina nguvu kweli?

“Wakuu, kwenye EUR/USD Fibo ya 38.2, namba nzima na wastani wa siku 50 vimeangukia sehemu moja. Niingie kwa uhakika?”

Mkuu, kwanza pima kukutana huko kungetokea kwa bahati mara ngapi. Tuseme bei ilipanda kutoka 1.0700 hadi 1.1200. Asilimia 38.2 ya pip 500 ni 191; ukizishusha kutoka 1.1200, Fibo yako iko 1.1009, pip 9 tu juu ya 1.1000. Inavutia. Lakini ukihesabu namba nzima kila pip 50, yaani 1.1000, 1.1050 na kuendelea, na kuruhusu umbali wa pip 15 kila upande, umeshafunika pip 30 katika kila 50. Mstari wowote utakaochora, hata kwa kufumba macho, utaangukia humo mara 6 kati ya 10.

Wastani nao si shahidi wa pembeni. Umetokana na bei zilezile ulizopimia Fibo, na baada ya mpando mrefu kwa kawaida hubaki nyuma, ndani ya eneo la marejeo. Ninachokiheshimu zaidi hapo ni 1.1000, maana watu huweka maagizo halisi kwenye namba hizo. Agizo lako la kukata hasara lisikae hapo hapo chini yake, ambako ya wengi hurundikana.

Chora maeneo kabla bei haijafika, kisha kando yake chora mengine ya upana uleule bila kufuata kigezo chochote. Hesabu bei inageuka wapi mara nyingi zaidi. Tofauti hiyo ndiyo thamani ya eneo lako.