Hadithi ya kuchagua njia: matawi yananizidi

*"Kila hatua ina chaguo mbili, nataka miisho mitatu. Nimefika hatua ya nne tu nimeshazama. Nipunguze nini?"*

Usipunguze chaguo, punguza matawi. Hatua sita zisizokutana tena ni vipande 127 vya kuandika. Sasa kila chaguo lipe jibu fupi la aya moja, kisha njia zote mbili zirudi kwenye tukio lilelile: matukio 6, majibu 12, miisho 3. Jumla 21. Chaguo lenyewe libaki kwenye alama. Msomaji akimwamini nahodha, `imani` inapanda moja. Mwishoni, kwa lugha ya Ink:

```
{
- imani >= 5: -> bandarini
- imani >= 2: -> kisiwani
- else: -> baharini
}
```

Balaa huja pale njia zinapokutana: tukio la tatu linataja "ile barua uliyoisoma" kwa mtu aliyeichoma.

Jibu: Si afadhali kuua mhusika mapema? Tawi linakatika.

Jibu: Linakatika kweli, ila mara mbili zinatosha. Zaidi ya hapo msomaji anarudi nyuma tu hadi apite.

Jibu: Mimi natumia Twine, huo msimbo umegoma.

Jibu: Huo ni wa Ink, ndugu. Twine ina namna yake.