Mume na mke wakifa katika ajali moja: nani amemrithi nani

Faili la mume na mke waliofariki katika ajali moja likifika mezani kwako, usianze na orodha ya mali. Anza na saa. Cheti cha kifo cha Kenya kitakupa tarehe, na karani mgeni akiona vyeti viwili vyenye tarehe moja huandika kwamba marehemu "walifariki pamoja", kisha anaendelea na kazi. Neno hilo "pamoja" linaweza kuhamisha mali kutoka ukoo mmoja hadi mwingine, na ukishaliapia katika hati ya kiapo ni vigumu kulirudisha.

Kifungu cha 43 cha Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kinasema hivi: watu wawili au zaidi wakifa katika hali isiyojulikana nani alitangulia, mkubwa kwa umri huchukuliwa kuwa ndiye aliyetangulia na mdogo kuwa ndiye aliyebaki. Lakini wakiwa ni mume na mke, huchukuliwa kuwa wamekufa kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba hakuna aliyemrithi mwenzake, na mali ya kila mmoja inarudi kwa warithi wake mwenyewe. Shika jambo moja hapa: kifungu hiki kinafanya kazi pale tu ambapo haijulikani nani alitangulia. Pakiwa na ushahidi kwamba mmoja alimzidi mwenzake hata kwa saa moja, kifungu kinakaa pembeni na ushahidi ndio unaoamua.

Chukua mfano niliouunda ili hesabu iwe nyepesi. Mume wa miaka 52 na mke wa miaka 45 wanapata ajali karibu na Voi. Hawana mtoto. Mume ameacha ploti ya shilingi milioni 6, mke akiba ya milioni 2, na hakuna deni. Upande wa mume amebaki mama yake tu, na upande wa mke amebaki baba yake tu.

Ikiwa wote wawili walikutwa wamekufa garini na hakuna anayejua zaidi, mama anapata milioni 6 za mwanawe na baba anapata milioni 2 za bintiye. Sasa tuseme mume alifia barabarani, naye mke akafia hospitali saa tatu baadaye, na hakukuwa na wosia. Hapo mke alimrithi mumewe. Kwa kifungu cha 36, mjane asiye na watoto hupata vitu vya nyumbani na vya matumizi binafsi, kisha asilimia 20 ya mali inayobaki (au shilingi 10,000 ikiwa ndiyo kubwa), na kuhusu sehemu iliyosalia hupata haki ya kuitumia maisha yake yote tu. Maisha hayo yalikuwa saa tatu. Kwa hiyo milioni 1.2 inaingia katika mirathi ya mke na kumfikia baba yake, na milioni 4.8 inarudi kwa mama wa mume.

Hapo sheria yenyewe imepunguza maumivu. Hatari kubwa iko kwenye wosia mfupi ambao wengi huuandika kwa mapenzi: "Mali yangu yote namwachia mke wangu." Kwa wosia huo, ploti nzima ilikuwa mali ya mke kwa saa zile tatu, na baada yake ni ya baba mkwe. Mama aliyekuwa akilishwa na mwanawe anabaki na njia moja, kuiomba mahakama kama mtegemezi chini ya kifungu cha 26, na lazima aombe kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa. Nimeona familia zilizozika pamoja zikiacha kusalimiana kwa sababu ya saa kama hizi, na kwa kweli wosia ulioandaliwa vizuri ungezuia.

Ongeza mtoto wa miaka 12 garini, naye amekufa na hakuna anayejua nani alitangulia. Wazazi wanachukuliwa kuwa wamekufa pamoja, lakini mtoto, kwa kuwa ni mdogo kwa umri, anachukuliwa kuwa alibaki baada yao. Amerithi milioni zote 8. Hana ndugu, kwa hiyo mali yake inakwenda kwa jamaa wa damu walio karibu naye zaidi, yaani bibi wa upande wa baba na babu wa upande wa mama, kila mmoja milioni 4. Ile 6 kwa 2 imekuwa 4 kwa 4. Ndiyo maana kila mara uliza kwanza ni nani wengine waliokuwa ndani ya gari.

Saa utaipata wapi? Tafuta rekodi za hospitali zenye saa ya kupokelewa na saa ya kutangazwa kufariki, maandishi ya kitabu cha matukio cha polisi, wahudumu wa ambulansi, na watu waliofika mwanzo. Ripoti ya uchunguzi wa maiti isome kwa uangalifu, kwa sababu saa inayoandikwa mara nyingi ni makadirio. Uingereza, wanandoa wazee walikutwa nyumbani mwaka 2016 wamekufa kwa baridi, mume miaka 79 na mke 69. Mabinti wa kila upande walifika mahakamani. Mwili wa mke ulikuwa umeharibika zaidi, na upande wa mume ukadai hiyo ni dalili kwamba mke alitangulia. Mwaka 2019 jaji hakuridhika: miili ilikuwa sehemu tofauti za nyumba, na tofauti ya joto ingeweza kueleza yote. Akarudi kwenye sheria yao ya 1925, ambayo haiwatengi wanandoa, na mke akahesabiwa aliyebaki kwa kuwa ni mdogo.

Mteja akiwa Mwislamu, Sura ya 160 haiamui mgao wake. Kwa rai ya wanazuoni wengi, waliozama au kuangukiwa na jengo bila kujulikana nani alitangulia hawarithiani, na kila mmoja anarithiwa na walio hai.

Sasa dawa ya ule wosia mfupi, ambayo ni sharti la kunusurika. Liandike hivi: "Namwachia mke wangu mali yangu yote iwapo atakuwa hai siku 30 baada ya kifo changu. Asipokuwa hai siku hiyo, mali hiyo iwe ya mama yangu, na mama akiwa hayupo, iwe ya ndugu zangu kwa mafungu sawa." Kwa mfano wetu, zile saa tatu hazimfikishi mke popote, na ploti inakwenda kwa mama.

Usiandike "tukifa katika ajali moja". Mke akifia wodini siku ya kumi na moja kwa maambukizi, mawakili watabishana kama hicho ni kifo cha ajali ileile. Siku 30 hazina ubishi huo. Wala usiogope kuchelewesha ugavi, maana kwa kawaida hati ya usimamizi huthibitishwa baada ya miezi 6 tangu itolewe. Jina la mrithi wa pili usilisahau, kwani bila hilo mali inarudi kugawanywa kama vile hakukuwa na wosia. Mwandikie na mwenzake sharti lilelile.

Kisha mwombe mteja fomu ya mnufaika ya Sacco yake. Sharti la wosia halifiki huko, na fomu nyingi nilizoziona zina jina moja tu, la mwenzi.