Katibu mpya na katiba ya chama

"Wakuu, nimechaguliwa katibu wa chama chetu cha kuzikana hapa Uyole. Mwenyekiti anataka ada, akidi na muda wa viongozi kwenye karatasi moja. Katiba ina kurasa 14, naanzia wapi?"

Hongera katibu. Anzia nyuma mkuu, angalia kama kuna marekebisho yamebandikwa mwisho, maana unaweza kukuta ibara inasema ada elfu mbili kwa mwezi kumbe mkutano mkuu ulishapandisha. Alafu nenda kwenye tafsiri ya maneno, tafuta "mwanachama hai", hapo ndo akidi yote inapokaa.

Mfano daftari lina watu 48, katiba inasema akidi ni theluthi mbili ya wanachama hai, na hai ni yule asiyedaiwa ada zaidi ya miezi mitatu. Ukikuta 9 wanadaiwa kupita hapo wanabaki 39, akidi ni 26. Ukihesabu wote 48 utadai watu 32 na mkutano utaahirishwa bure, hasa msimu wa kuvuna viazi. Kwa hiyo chukua kwanza daftari la mhazini, usikisie.

Akidi ya mkutano mkuu na ya kamati ziandike mbalimbali, na ya kubadili katiba pia kama ipo.

Muda wa viongozi andika miaka, vipindi vingapi, na aliyejaza nafasi katikati anahesabiwaje. Katiba ikiwa kimya hapo andika "haijasema", usijaze ya kwako. Kila kitu weka namba ya ibara pembeni, wazee watauliza tu.